Kwa nini risiti ya saa yako haina namba ya kadi yako

*Naishi London mashariki. Jumamosi nilikwenda kukimbia, simu nikaiacha nyumbani. Dukani nikalipia maji na ndizi kwa Apple Watch yangu, ambayo haina laini, na malipo yakakubali. Lakini risiti inasema kadi inaishia 4417, na kadi yangu inaishia 9032. Mchana nikaingia treni Stratford kwa saa, chaji ikaisha njiani, nikatoka Green Park kwa kadi ileile ya plastiki. TfL, shirika la usafiri la London, wamenikata nauli kubwa mara mbili. Je, kuna mtu ameiga kadi yangu? Na saa ililipaje bila simu wala intaneti?*

Dada yangu, kadi yako haijaigwa. Ile 4417 ni namba ya saa yako. Nauli mbili za TfL nazo zimetokana na jambo hilohilo: machoni pa geti, saa yako na kadi yako ni abiria wawili wasiojuana.

Usiniamini kwa maneno tu, hakikisha mwenyewe. Kwenye iPhone fungua programu ya Watch, gusa Wallet & Apple Pay, kisha gusa kadi yako. Utaona tarakimu za mwisho za kadi yenyewe, 9032, na mahali pengine kwenye ukurasa huohuo utaona tarakimu za mwisho za kitu kilichoandikwa Device Account Number. Hizo ndizo zinazotakiwa kufanana na risiti yako ya Jumamosi. Kama kadi hiyohiyo umeiweka pia kwenye simu, iangalie na ya simu: utakuta tarakimu nyingine tena. Akaunti yako ni moja, lakini ina namba tatu zinazoielekea, ya plastiki, ya simu na ya saa.

Namba hiyo ya saa ndiyo inayoitwa tokeni, na ilizaliwa siku ile ulipoiweka kadi kwenye saa. Siku hiyo simu ilihitajika kweli, kwa sababu ndiyo iliyobeba mazungumzo yote. Maelezo ya kadi yako yalisimbwa yakapelekwa kwa Apple, Apple wakayapeleka kwa mtandao wa kadi na benki yako, na benki ikajiuliza kama ni wewe kweli. Bila shaka unakumbuka ulitumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe, au uliambiwa ufungue programu ya benki na kukubali. Benki iliporidhika, Visa au Mastercard, kutegemea kadi yako, wakatengeneza namba mpya inayofanana na namba ya kadi kwa sura. Wakaandika kwenye daftari lao la siri kwamba namba hii ni ya akaunti fulani na imetolewa kwa saa fulani. Namba hiyo, pamoja na ufunguo wa siri unaokwenda nayo, ikashushwa ndani ya chipu ndogo iliyomo kwenye saa yako, chipu iliyotengenezwa kwa kazi ya kutunza siri na kupiga hesabu zake humohumo. Namba halisi ya kadi yako haikuingia kwenye saa. Hata mtu akiifungua saa hiyo kwa bisibisi, namba ya kadi hataikuta, kwa kuwa haimo.

Hapa neno "tokeni" linaweza kutupotosha sisi tuliokulia Afrika Mashariki, kwa sababu tulilijua kwanza kwenye umeme. Tokeni ya LUKU ina tarakimu ishirini, unaziingiza kwenye mita, na zikishatumika hazifai tena. Watu wengi wanadhani tokeni ya saa nayo hubadilika kila unapolipa. Haibadiliki. Hiyo 4417 ya Jumamosi ndiyo utakayoiona wiki ijayo na mwezi ujao, mpaka uiondoe kadi kwenye saa au uifute saa.

Hata hivyo mfano wa mita usiutupe, maana unajibu vizuri swali lako la intaneti. Mita ya umeme ya mama kijijini haina intaneti, na bado inajua tarakimu alizoingiza ni za kweli au za uongo, ni zake au za jirani. Inajuaje? Ndani yake umewekwa ufunguo wa siri unaolingana na ule ulioko kwenye mfumo wa wauzaji wa umeme. Pande mbili zikiwa na siri moja tangu mwanzo, zinaweza kuaminiana baadaye bila kuwasiliana. Saa yako ni hivyohivyo, ila mwendo umegeuzwa. Kwenye umeme, mfumo ndio unaotengeneza tarakimu na mita ndiyo inayozikagua. Kwenye malipo, saa ndiyo inayotengeneza na mtandao wa kadi ndio unaokagua.

Sasa turudi dukani. Ulibonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, ukaisogeza saa kwenye mashine. Mashine na saa zikaongea kwa mawimbi ya redio yanayofika sentimeta chache tu, ndiyo maana lazima uisogeze karibu. Mashine ikaiambia saa kiasi unacholipa, sarafu, tarehe, na namba moja ya kubahatisha ambayo imeitunga papo hapo. Chipu ikachukua maelezo hayo, ikaongeza hesabu yake ya ndani inayosema huu ni muamala wa ngapi tangu izaliwe, ikayachanganya yote kwa ule ufunguo wa siri na kutoa jibu fupi. Wataalamu huliita kriptogramu. Mimi nitaliita muhuri, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya muhuri kwenye hati: kuthibitisha hati hii moja, ya kiasi hiki, ya siku hii. Saa ikaikabidhi mashine vitu viwili, tokeni yako na muhuri huo. Kazi ya saa ikaishia hapo.

Kilichofuata hakikuihusu saa tena. Mashine ya duka, kwa intaneti ya duka, ikapeleka tokeni na muhuri kwa benki inayomhudumia mwenye duka, na benki hiyo ikavipeleka kwa mtandao wa kadi. Huko wanao ufunguo unaolingana na wa saa yako, wakaukagua muhuri. Wakafungua lile daftari la siri, wakaona tokeni hii ni ya akaunti yako, wakaiuliza benki yako kama pesa ipo. Benki ikasema ipo, jibu likarudi njia ileile, na mashine ikatoa risiti. Mwenye duka na mashine yake hawakuijua namba ya kadi yako wakati wowote, ndiyo maana risiti iliandika tarakimu za kitu pekee walichokiona.

Nadhani kilichokuchanganya ni mazoea ya M-Pesa, nasi sote tumelelewa nayo. Kwenye M-Pesa, anayetuma agizo kwenda kwa mtandao ni wewe mlipaji, kupitia simu yako. Mnara ukikosekana umekwama, hata kama duka lina intaneti ya kasi. Kwenye kadi mjumbe ni muuzaji. Wewe unatia muhuri kwenye hati na kumkabidhi, yeye ndiye anayeipeleka. Hivyo kukosa simu, laini na Wi-Fi hakukuizuia saa yako kulipa, kama ambavyo kadi ya plastiki haijawahi kuhitaji simu.

Utaratibu huu una tokeo moja ambalo ningependa ulishike, kwa sababu nimeona watu wakigombana na wauzaji kwa ajili yake. Saa inapokugonga kidogo mkononi na kuandika Done, haisemi kwamba benki imekubali. Inasema imemaliza kukabidhi. Benki inaweza kukataa sekunde mbili baadaye, na saa isijue, kwa sababu jibu la benki linarudi kwa mashine. Ukiona Done na muuzaji anasema haijapita, tazama skrini ya mashine yake kabla ya kumtilia shaka. Taarifa ya makato kwenye simu yako nayo hufika kwa njia nyingine, kutoka benki kupitia intaneti, kwa hiyo ile ya Jumamosi ungeweza kuikuta nyumbani ulipoirudia simu.

Pengine utajiuliza: kama simu haihitajiki, kinachomzuia mwizi wa saa ni nini? Ni mkono wako. Asubuhi unapoivaa saa na kuingiza namba ya siri, vihisi vya mgongoni mwake vinaanza kuangalia kama bado imegusa ngozi. Muda wote imegusa, saa inajua aliyeivaa ni yule aliyeifungua, ndiyo maana dukani haikukuuliza namba tena. Ikivuliwa, inajifunga, na bila namba ya siri hailipi dukani. Ukiiondoa kabisa namba ya siri ya saa, Apple Pay haifanyi kazi kwenye saa hiyo. Saa za Garmin zina utaratibu wa karibu na huu: unaingiza namba ya tarakimu nne, na itakudai tena ukiivua au saa 24 zikipita. Kwa hiyo chagua namba ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, na usiiingize huku umeinyoosha saa mbele ya watu.

Tuje kwenye TfL, ambako tokeni imekugharimu pesa halisi. Mageti ya London hayana muda wa kusubiri benki, kwani foleni ingefika barabarani. Geti linatakiwa likufungulie kwa takriban nusu sekunde. Linasoma namba iliyoletwa mbele yake, linaikagua papo hapo, linafunguka, na hesabu ya nauli inafanywa baadaye kwa kuunganisha mguso wa kuingia na mguso wa kutoka wa namba hiyohiyo. Sasa itazame safari yako kwa macho ya mfumo huo. Stratford aliingia abiria 4417, na hakutoka popote. Green Park alitoka abiria 9032, ambaye hakuingia popote. Safari mbili, zote nusu. Kwa safari isiyokamilika TfL hutoza nauli ya juu kabisa, kwa hiyo wewe mmoja umetozwa kama wakorofi wawili.

Unaweza kusema, si waone tu kwamba zote ni akaunti moja? Lakini usiri uliokulinda dukani ndio huohuo uliokuumiza getini. Kazi yote ya tokeni ni kuhakikisha anayeipokea haoni namba iliyo nyuma yake. TfL wenyewe wanawaonya abiria kwamba kadi ya plastiki na kifaa chenye kadi hiyohiyo vinahesabiwa kuwa vitu viwili. Hata simu na saa ni vitu viwili. Jambo hilo linagusa pia kikomo cha nauli cha siku: ukipanda asubuhi kwa saa na jioni kwa simu, kila kimoja kinaanza kuhesabiwa kivyake, na unaweza kulipa zaidi ya kikomo bila kujua.

Pesa yako inadaiwa. Wasiliana na TfL mapema, kwa akaunti ya mtandaoni au kwa simu, uwaambie ulikuwa na safari mbili zisizokamilika siku hiyo, moja kwa kifaa kinachoishia 4417 na nyingine kwa kadi inayoishia 9032, uwape majina ya vituo na saa ya kuingia na kutoka. Tarakimu hizo ndizo zitakazowasaidia kuzikutanisha nusu mbili. Siku nyingine chaji ikiisha ukiwa ndani ya treni, usikimbilie kugusisha kadi. Nenda kwenye lile geti pana lenye mfanyakazi, umweleze. Ukitoka bila kugusisha kadi nyingine, safari isiyokamilika itakuwa moja badala ya mbili, na kuidai ni rahisi zaidi. Lakini kwa kweli ushauri wangu ni wa kabla ya hapo: ikiwa saa imebaki na chaji kidogo, ingia kwa plastiki tangu mwanzo, utoke kwa plastiki, na uendelee nayo siku nzima. Mkaguzi akija ndani ya treni na saa imezimika, huna cha kumwonyesha, na hilo ni tatizo kubwa kuliko nauli.

Kurudishiwa pesa dukani nako kuna mtego wa aina hiyohiyo. Ndugu yangu mmoja alinunua viatu kwa saa, akavirudisha siku ya tatu akiwa na kadi tu, na keshia akakataa kwa sababu tarakimu za kadi hazikulingana na risiti. Keshia hakuwa mkorofi. Alikuwa anafuata alichokiona. Ndugu yangu alirudi nyumbani kuichukua saa, ikagusishwa kwenye mashine, pesa ikarudi kwenye akaunti ileile. Kwa hiyo unaporudisha bidhaa, nenda na kifaa kilicholipa. Kama huwezi, onyesha zile tarakimu za Device Account Number kwenye simu. Mara nyingi zinatosha kumridhisha muuzaji.

Sasa nikuambie faida inayonifanya mimi binafsi niipendelee saa kuliko plastiki dukani. Siku saa ikipotea, huna haja ya kuiua kadi. Fungua Find My kwenye simu uitangaze imepotea, au ipigie benki uwaambie waisimamishe tokeni ya saa. Usiogope kwamba saa iko nje ya mtandao na amri haitaifikia. Kizuizi hakiwekwi kwenye saa, kinawekwa kwenye lile daftari la siri ambako kila malipo lazima yapite. Saa itaendelea kutia mihuri yake kwa bidii, na kila muhuri utakataliwa. Plastiki na simu vinaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinyume chake ni kweli pia: plastiki ikiisha muda na benki ikakutumia mpya, mara nyingi wanabadilisha tu maandishi kwenye daftari, na saa inaendelea kulipa bila wewe kugusa chochote.

Mhalifu akiiba kumbukumbu za mashine ya duka ulilonunua maji, atapata 4417 na tarakimu nyingine za tokeni hiyo, pamoja na muhuri uliokwisha tumika. Muhuri mpya hawezi kuutengeneza kwa sababu ufunguo uko ndani ya chipu mkononi mwako, na ule wa zamani akiurudisha, hesabu ya miamala itamsaliti. Kwa hiyo duka la maji na ndizi lisikunyime usingizi.

Hatari ya kweli iko mahali pengine, kwenye ile siku ya kuzaliwa kwa tokeni. Wezi siku hizi hawahangaiki kuiga saa yako. Wanajipatia namba ya kadi yako, pengine kwa ujumbe wa uongo wa kifurushi au faini, wanaiandika kwenye simu yao wenyewe, na benki inakutumia wewe namba ya uthibitisho. Kisha unapigiwa na mtu mpole anayejiita wa benki, anakuomba umsomee. Ukimsomea, umemruhusu azalishe tokeni halali kabisa ya akaunti yako kwenye simu yake, na kuanzia hapo anagusisha madukani kama mwenye mali. Soma ujumbe wa benki mpaka mwisho: ikiwa ujumbe unasema namba ni ya kuongeza kadi kwenye Apple Pay au Google Pay na wewe hujaongeza kitu, kuna mtu anajaribu.

Kwa hiyo chukua taarifa yako ya benki ya mwezi huu na risiti ulizonazo. Kila tarakimu nne utakazokutana nazo zinatakiwa zilingane na plastiki yako, simu yako au saa yako. Zikilingana, umemaliza. Ukikuta muamala usioutambua, au uliwahi kumsomea mtu namba ya uthibitisho, usijaribu kulitatua mwenyewe kwenye simu. Nenda tawini na kitambulisho, au piga namba iliyo nyuma ya kadi. Hapo Uingereza unaweza pia kupiga 159, ambayo huunganisha wateja wa benki nyingi kubwa na benki zao. Waulize swali hili hasa: kadi yangu imewekwa kwenye vifaa vingapi, na ni vipi? Wanaweza kuviona vyote. Jibu lao linapaswa kuwa viwili, simu na saa, kama umeiweka kwenye vyote na hujaiweka kwingine. Wakitaja cha tatu, waambie wakifute wakati bado uko nao kwenye simu, kisha waombe kadi mpya.